Je, Wajua? Herufi tatu za stoo ya dawa

Je, wajua kwamba dawa yenye bei kubwa stoo si lazima iwe ndiyo inayomaliza pesa?

Ingia stoo ya kituo cha afya umuulize mtunza stoo ni kitu gani kinamlia bajeti. Mara nyingi atakuonyesha kimoja kati ya viwili: ama kile chenye bei ya kushtua, ama kile kinachotolewa kila siku hadi rafu yake haipati nafasi ya kushika vumbi. Anaweza kukosea kote kuwili. Bei peke yake haisemi kitu, idadi peke yake nayo haisemi kitu. Kinachosema ni zao la hivyo viwili: umetumia ngapi kwa mwaka mzima, mara bei ya kimoja.

Hesabu hiyo ndiyo mzizi wa mbinu iitwayo uchambuzi wa ABC. Unazidisha matumizi ya mwaka kwa bei, unapanga vitu kuanzia chenye thamani kubwa hadi kidogo, kisha unajumlisha ukishuka. Vile vya juu ambavyo kwa pamoja vinafika kama asilimia 80 ya pesa yote ni kundi A. Vinavyofuata, hadi asilimia 95, ni B. Mkia uliobaki ni C.

Tuchukue stoo ndogo ya mfano yenye vitu kumi tu. Idadi na bei nimezipanga mwenyewe ziwe nyepesi kujumlisha, ila sura yake ni ile ile utakayoikuta kwenye stoo za kweli. Bei ni kwa shilingi.

| Kitu | Matumizi ya mwaka | Bei ya kimoja | Thamani ya mwaka | Jumla ukishuka |
|---|---|---|---|---|
| Seftriaksoni ya sindano | vichupa 6,000 | 1,200 | 7,200,000 | 36% |
| Amoksilini | vidonge 108,000 | 50 | 5,400,000 | 63% |
| Glovu | maboksi 340 | 10,000 | 3,400,000 | 80% |
| Maji ya dripu | chupa 1,000 | 1,400 | 1,400,000 | 87% |
| Metfomini | vidonge 20,000 | 50 | 1,000,000 | 92% |
| Mabomba ya sindano | 6,000 | 100 | 600,000 | 95% |
| Parasetamoli | vidonge 30,000 | 15 | 450,000 | 97.25% |
| ORS | pakiti 1,000 | 250 | 250,000 | 98.5% |
| Oksitosini | vichupa 400 | 500 | 200,000 | 99.5% |
| Magnesiamu salfeti | vichupa 40 | 2,500 | 100,000 | 100% |

Itazame magnesiamu salfeti. Ukiacha boksi la glovu, ndicho kitu chenye bei kubwa kuliko vyote hapo, na bado iko mkiani. Parasetamoli ambayo kila mgonjwa anaondoka nayo iko kundi C. Vitu vitatu vya juu vimechukua milioni 16 kati ya milioni 20, na viwili kati ya hivyo, glovu na amoksilini, ni vitu ambavyo hakuna mtu anayevifungia kabatini.

Kwa kuwa hapa tuna vitu kumi, kundi A limechukua vitatu, yaani asilimia 30 ya orodha. Kwenye orodha ndefu ya vitu mia kadhaa hali huwa kali zaidi. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 tu ya vitu ndivyo hubeba robo tatu au zaidi ya pesa, na C huwa zaidi ya nusu ya vitu vyote.

Je, wajua kwamba herufi hizi zilitoka kwenye kampuni ya vifaa vya umeme?

Mwaka 1951, H. Ford Dickie wa kampuni ya General Electric ya Marekani alichapisha makala katika jarida la mambo ya viwanda akieleza jinsi ya kugawa vipuri kwa A, B na C. Hata kichwa chenyewe cha makala kilichezea wazo la kulenga dola badala ya senti.

Nyuma ya Dickie watu hupenda kumsimamisha Vilfredo Pareto, mchumi wa Kiitaliano aliyefundisha Lausanne, Uswisi. Mwishoni mwa karne ya 19 alionyesha kwamba mapato yanakusanyika mikononi mwa wachache. Lakini Pareto alikuwa akizungumzia mapato ya watu, wala hakuwa na habari na stoo. Aliyelichukua jina lake na kulibandika kwenye kila jambo lenye wachache wazito na wengi wepesi ni Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa bidhaa. Mwaka 1975 Juran mwenyewe aliandika makala ya kukiri kwamba alimpa Pareto sifa isiyo yake. Jina lilikwisha kuzoeleka, likabaki.

Je, wajua kwamba kosa la kipimo linaweza kuishusha dawa kutoka nafasi ya pili hadi ya mwisho?

Hili ndilo kosa linalosumbua kuliko yote, na halionekani kwa macho. Amoksilini inaingia stoo kwa makopo, tuseme ya vidonge 1,000. Mtunza stoo anaandika kwenye kadi: yametoka makopo 108. Mtu wa hesabu naye anachukua bei kwenye orodha nyingine, ambako imeandikwa kwa kidonge: shilingi 50. Anazidisha 108 kwa 50 na kupata shilingi 5,400. Dawa iliyokula milioni tano na laki nne imeanguka hadi chini kabisa, chini hata ya magnesiamu, na hakuna mashine iliyolia.

Kinyume chake pia hutokea: idadi imeandikwa kwa kidonge na bei kwa kopo, dawa moja inakuwa ghali kuliko kituo kizima. Hilo angalau linashtua. La kushuka ndilo hatari, kwa sababu kitu kilichoingia kundi C hakuna anayekikagua tena hadi mwaka uishe.

Namna ya kulinasa ni kuanza kusoma orodha kutoka mkiani. Ukikuta chini kabisa kitu ambacho unajua kinatoka kila siku, chukua kadi yake uone kama idadi na bei vinazungumzia kipimo kimoja. Halafu linganisha jumla kuu na pesa iliyolipwa kwa ajili ya dawa mwaka huo. Ikiwa malipo yalikuwa karibu milioni 20 na orodha yako inajumlisha milioni 14 na laki sita, kuna kopo lililohesabiwa kama kidonge mahali fulani.

Kosa la pili linafanana na hili kwa ukimya wake: kupima kwa kilichopo rafuni badala ya kilichotumika. Dawa iliyoletwa kwa wingi bila kuombwa, ikakaa hadi karibu iharibike, itaonekana ni nzito. Dawa inayokwisha siku tatu baada ya kufika itaonekana haipo kabisa. ABC hupimwa kwa matumizi.

Na matumizi yenyewe yana uongo wake. Tuseme leja inaonyesha oksitosini ilitoka vichupa 300 mwaka jana. Ukifunua kadi unakuta miezi mitatu ilikuwa imekwisha, salio sifuri, na akina mama waliandikiwa wakanunue nje. Kwa hiyo vichupa 300 ni matumizi ya miezi tisa. Gawanya kwa tisa, zidisha kwa kumi na mbili, unapata 400, ambayo ndiyo idadi iliyo kwenye jedwali letu. Bila marekebisho hayo, upungufu wa mwaka jana unageuka kuwa makadirio ya mwaka huu, na dawa itakwisha tena, safari hii kwa baraka za hesabu.

Je, wajua kwamba fomula ya kawaida ya kompyuta inaweza kuipa herufi B dawa nzito kuliko zote?

Wengi hufanya kazi hii kwenye Excel. Weka matumizi safu ya B, bei safu ya C, na kwenye mstari wa pili andika hizi tatu, moja kwenye kila safu ya D, E na F:

```
=B2*C2
=SUM(D$2:D2)/SUM(D$2:D$11)
=IF(E2<=0.8,"A",IF(E2<=0.95,"B","C"))
```

Zivute hadi mstari wa 11, panga kuanzia thamani kubwa, na jedwali letu linatoka sawasawa. Lakini chukua kituo ambacho dawa moja peke yake inakula asilimia 85 ya pesa. Kompyuta inauliza: jumla imezidi asilimia 80? Imezidi. Basi ni B. Kundi A linabaki tupu, na mzee wa stoo nzima anakaa na watoto.

Dawa yake ni kubadilisha swali. Usiulize jumla imefika wapi ukishaiingiza dawa hii, uliza ilikuwa wapi kabla yake. Ikiwa waliotangulia hawajafika asilimia 80, dawa hii bado ni A. Kwenye Excel maana yake ni kutazama seli ya mstari wa juu, kutumia < badala ya <=, na mstari wa kwanza wa dawa uandike A kwa mkono. Kwa vitu kumi vyetu jibu halibadiliki, kwa sababu glovu zinaangukia asilimia 80 kamili na maji ya dripu yanaanza pale zilipoishia. Lakini, kama tutakavyoona, inatosha kitu kimoja kusogea.

Je, wajua kwamba kuagiza dawa moja ya A kwa utaratibu mwingine kunaweza kufungua pesa zaidi ya nusu ya matumizi ya mwaka ya kundi C zima?

Rudi kwenye seftriaksoni. Kituo kinatumia vichupa 6,000 kwa mwaka, yaani 500 kwa mwezi. Kikiagiza kila miezi mitatu, kila mzigo una vichupa 1,500, thamani ya 1,800,000. Mzigo ukiingia rafu imejaa, ukikaribia kuisha rafu ni tupu, kwa hiyo kwa wastani kuna nusu yake, pesa ya 900,000 imelala. Kikiagiza kila mwezi, mzigo ni vichupa 500, wastani unashuka hadi 300,000. Tofauti ni laki sita. Kundi C lote, vitu vinne, linatumia milioni moja kwa mwaka.

Ukifanya vile vile kwa magnesiamu hutapata kitu. Mwaka mzima ni laki moja, na kuigawa kwa miezi kumi na miwili ni kujiongezea fomu, simu na safari za kufuata vichupa vitatu vitatu. Kitu cha C huchukuliwa kwa wingi wa miezi mingi na akiba juu yake, mradi tarehe ya kuharibika inaruhusu.

Ila uhuru huo wa kuagiza haupo kila mahali. Duka la dawa la mtu binafsi linaweza kuamua kuagiza kila Jumatatu. Kituo cha umma huagiza kwa ratiba iliyopangwa na bohari na wilaya, kwa hiyo kundi A kwake halina maana ya kuagiza mara nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba kabla fomu haijaondoka, mistari mitatu ya A inakaguliwa na watu wawili, salio linahesabiwa kwa mkono rafuni, na mtu anauliza kwa nini idadi imepanda.

Kuhesabu nako hufuata herufi. Mtindo mmoja uliozoeleka ni A kila mwezi, B kila robo mwaka, C mara moja au mbili kwa mwaka. Sababu ni ya wazi ukiitia kwenye shilingi: vichupa vya seftriaksoni vikipotea asilimia 5 tu, vichupa 300, hasara ni 360,000. Oksitosini na magnesiamu zikiibwa zote, za mwaka mzima, ni 300,000.

Je, wajua kwamba vichupa viwili vya mkiani ndivyo vinavyoweza kuua?

Hapo juu nimeandika kama mhasibu, na mhasibu akiachiwa stoo ya hospitali ataleta msiba. Oksitosini huzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Magnesiamu salfeti ni ya kifafa cha mimba. Kwa pamoja ni asilimia moja na nusu ya pesa.

Nimewahi kusimama mlangoni pa stoo moja saa ambayo mkunga alikuja mbio, glovu bado mkononi.

"Kaka, magnesiamu."

"Ipo kwenye oda, dada. Jumatatu."

Hakujibu. Aliukodolea macho ukuta wa maboksi ya glovu nyuma ya kijana aliyetunza stoo, akageuka. Yule kijana hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa na orodha ya ABC ukutani, imechapwa vizuri, na magnesiamu ilikuwa kwenye kundi ambalo aliambiwa asilipotezee muda.

Ndiyo sababu kwenye dawa ABC haitumiki peke yake. Huchanganywa na mgawanyo mwingine uitwao VEN: V ni dawa ambazo zikikosekana mtu anakufa, E ni zinazotibu magonjwa yenye uzito, N ni zile ambazo zikikosekana watu watalalamika lakini watapona. Wahindi wengi huita VED, jambo ni lile lile. Herufi za kwanza zinatoka kwenye leja, na za pili zinatoka kwa waganga, wakunga na mfamasia wakiwa wamekaa meza moja wakibishana. Hakuna fomula ya kuzitoa.

Ukizibandika pamoja unapata majina ya herufi mbili. Seftriaksoni inaweza kuwa AV, oksitosini ni CV. Kisha orodha inapangwa upya katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inachukua kila chenye A na kila chenye V, kwa hiyo CV zote zinapanda juu kukaa na vigogo. Ngazi ya tatu inabaki na CN pekee, na vilivyobaki vinakaa katikati.

Lakini kukaa ngazi moja hakumaanishi kutunzwa namna moja. AV unaibana: akiba ya wastani, kuhesabu mara kwa mara, kwa sababu ikizidi pesa imelala na ikipungua mtu amekufa. CV unaimwaga: weka akiba ya miezi kadhaa, haitakugharimu. Akiba ya mwaka mzima wa magnesiamu kwenye stoo yetu ni bei ya maboksi kumi ya glovu. Oksitosini ndiyo inayokataa kumwagwa ovyo, kwa kuwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na friji ya kituo ina mwisho wake. Vichupa vilivyoachwa kwenye rafu yenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika sura, na kadi itaendelea kusoma salio zuri.

Je, wajua kwamba kundi A husema siri za chumba cha daktari?

Seftriaksoni kukaa juu ya amoksilini si habari ya stoo peke yake. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani hugawa antibiotiki katika makundi, na amoksilini iko kwenye zile za kuanza nazo, huku seftriaksoni ikiwa kwenye zile za kuangaliwa, kwa hofu ya vijidudu kuzizoea. Kituo ambacho sindano hiyo imekula asilimia 36 ya bajeti kina swali la kujibu kwenye kamati yake ya dawa: je, wagonjwa wote hao walihitaji sindano? Ikionekana theluthi moja wangeweza kumeza vidonge, ni vichupa 2,000, shilingi 2,400,000. Hakuna ujanja wa kupanga rafu utakaokuletea pesa hiyo.

Je, wajua kwamba kitu kinaweza kushuka kundi bila matumizi yake kupungua hata kimoja?

Tuseme kituo chetu kimefungua kliniki ya kisukari. Wamejiandikisha wagonjwa 70, kila mmoja anameza metfomini mbili kwa siku. Kwa mwaka ni vidonge 730 kwa mtu, 51,100 kwa wote, nyongeza ya 2,555,000. Metfomini iliyokuwa milioni moja sasa ni 3,555,000, imezipita glovu na kuwa ya tatu. Jumla kuu imepanda hadi 22,555,000.

Sasa jumlisha upya ukishuka. Baada ya metfomini umefika asilimia 71.6. Ukiongeza glovu, zile zile 340, bei ile ile, unaruka hadi 86.7. Fomula ya kwanza inazitupa B. Lile swali la pili, la kuuliza jumla ilikuwa wapi kabla yake, linaziacha A.

Hapo hakuna wa kukuamulia, maana mstari wa asilimia 80 uliwekwa na watu kwa mazoea tu. Mimi ningeziacha A, kwa sababu ambayo haimo kwenye safu yoyote ya jedwali: vidonge vya metfomini havimfai asiyeumwa sukari, lakini boksi la glovu linamfaa kila mtu, kuanzia saluni hadi buchani.